Manukuu ya kuchomwa, faili ya pembeni au nakala ya maandishi: uchague ipi?

Chukua video ya dakika 6. Fundi anamfundisha mwanafunzi kuziba tyubu ya baiskeli. Anajaza upepo kidogo, anaisogeza tyubu karibu na sikio, wote wawili wananyamaza, kisha mwanafunzi ananyoosha kidole mahali penye tundu. Anayesikia ameelewa bila kuambiwa: upepo ulisikika ukivuja. Kiziwi ameona watu wawili walionyamaza na kidole kilichonyooka ghafla, na somo lenyewe limempita. Chini ya video hiyo, kwenye ukurasa uleule, yamepachikwa mahojiano ya sauti ya dakika 20 na fundi huyohuyo.

Video na mahojiano vyote vinahitaji maandishi, ila si maandishi ya aina moja. Njia zilizopo ni nne. Ya kwanza ni kuyachoma manukuu ndani ya picha, yawe sehemu ya video. Ya pili ni kuyaweka kwenye faili ya pembeni, ambayo kivinjari huisoma na kuonyesha maneno juu ya video. Ya tatu ni kupandisha video kwenye jukwaa kama YouTube, kuweka manukuu huko, kisha kuipachika kwako. Ya nne ni nakala: mazungumzo yote yaliyoandikwa na kuwekwa ukurasani kama makala ya kawaida.

Uamuzi wetu tuutoe mapema. Kwa video iliyo kwenye seva yako mwenyewe, faili ya pembeni ndiyo ya kuanza nayo. Kwa sauti tupu, nakala ndiyo ya lazima. Kuchoma kunafaa pale video itakapotoka kwenye ukurasa na kuzunguka yenyewe kwenye simu za watu. Manukuu ambayo jukwaa huyatengeneza lenyewe yachukue kama rasimu ya kuhariri, si kazi iliyokwisha.

| | Ya kuchomwa | Faili ya pembeni | Ya jukwaa | Nakala |
|---|---|---|---|---|
| Yanakwenda sambamba na sauti | Ndiyo | Ndiyo | Ndiyo | Hapana |
| Mtazamaji anaweza kuyazima au kuyakuza | Hapana | Ndiyo | Ndiyo | Hukuzwa kama maandishi yoyote |
| Ukigundua kosa | Unatengeneza video upya | Unahariri mstari mmoja | Unahariri ndani ya akaunti | Unahariri ukurasa |
| Yanabaki video ikipakuliwa na kutumwa | Ndiyo | Hapana | Hapana | Hapana |
| Asiyeona wala kusikia anaweza kuyasoma kwa nukta nundu | Hapana | Kwa shida | Kwa shida | Ndiyo |

## Kwa nini nakala peke yake haitoshi kwa video

Wengi hukimbilia nakala kwa sababu ndiyo rahisi kuweka: unabandika maandishi chini ya video na kuondoka. Lakini anayesoma kwa macho hawezi kuyatumia macho hayohayo, wakati huohuo, kutazama mikono ya fundi. Akisoma nakala, ameikosa picha. Akitazama picha, hajui ni sentensi ipi inayosemwa sasa. Manukuu yanayokwenda na sauti humletea neno karibu na tendo, kwa sekunde ileile.

Mwongozo wa ufikivu wa tovuti uitwao WCAG, unaotolewa na shirika la W3C, unazitenganisha hali hizi mbili. Kigezo 1.2.1 kinahusu kilichorekodiwa chenye sauti tupu au picha tupu; kwa sauti tupu, nakala inatosha. Kigezo 1.2.2 kinahusu video yenye sauti, na hapo kinataka manukuu yanayolingana na wakati. Vyote viwili viko kwenye ngazi A, yaani ngazi ya chini kabisa ambayo ukurasa unatakiwa uifikie. Kwa hiyo mahojiano yetu ya dakika 20 yatakidhi kwa nakala, lakini video ya tyubu haitakidhi.

Hata hivyo usiitupe nakala kwenye upande wa video. Mtu asiyeona wala kusikia husoma kwa kifaa cha nukta nundu kinachoinua na kushusha nukta chini ya vidole vyake, na hawezi kukimbizana na manukuu yanayobadilika kila baada ya sekunde tatu. Yeye anahitaji maandishi yaliyotulia. Nakala ya video kwa ajili yake lazima itaje pia kinachoonekana: si maneno ya fundi tu, bali pia kwamba mwanafunzi alionyesha kwa kidole na kidole kilielekea wapi.

## Faili ya pembeni, kwa undani

Vivinjari husoma mtindo unaoitwa WebVTT. Ni faili ya maandishi matupu ambayo jina lake huishia kwa `.vtt`. Unaweza kuiandika kwa programu yoyote rahisi ya kuandikia, mradi si ile inayohifadhi rangi na mapambo. Mwanzo wa video yetu unaandikwa hivi:

```
WEBVTT

00:00:04.200 --> 00:00:08.000
FUNDI: Jaza upepo kidogo,
halafu sikiliza tundu liko wapi.

00:00:08.100 --> 00:00:10.000
[upepo unavuja: fsss]

00:00:10.300 --> 00:00:12.900 line:0
MWANAFUNZI: Ni hapa karibu na vali.
```

Kipande cha pili ndicho kilichobeba somo zima. Hakuna neno lililosemwa hapo, na mtu anayenukuu maneno tu angekiruka. Sauti iandikwe pale inapobadilisha maana ya kinachoonekana, au inapomfanya aliye kwenye picha atende jambo. Mlio wa pikipiki inayopita mbali, ambao hakuna aliyeujali, uache. Ukiandika kila sauti, zile chache zenye maana hupotea katikati.

Kwenye kipande cha tatu kuna `line:0`. Hilo huyapeleka manukuu juu ya picha badala ya chini. Tumelitumia kwa sababu sekunde hiyo video inaonyesha maandishi yake yenyewe chini, yenye jina la sehemu ya gurudumu. Bila agizo hilo maandishi mawili yangelaliana na yote mawili yasisomeke. Liweke kwa kipande kinachohitaji tu. Manukuu yakirukaruka juu na chini bila sababu, jicho huchoka kuyatafuta.

Majina ya wasemaji tumeyaandika kwa herufi kubwa ndani ya maandishi yenyewe. WebVTT ina alama yake rasmi ya msemaji, `<v Fundi>`, na inaonekana kama ndiyo njia sahihi zaidi. Tatizo ni kwamba kivinjari hakionyeshi jina lililo ndani ya alama hiyo. Kinaitumia kwa mambo ya rangi na mtindo tu. Aliyeandika faili huliona jina kwenye programu yake na kuamini limefika, kumbe mtazamaji halioni. Andika jina lionekane, na uliandike pale msemaji anapobadilika au asipoonekana kwenye picha, si kwenye kila kipande.

Sasa faili iunganishwe na video:

```html
<video controls preload="metadata" width="640">
  <source src="tyubu.mp4" type="video/mp4">
  <track kind="captions" src="tyubu.sw.vtt"
         srclang="sw" label="Kiswahili" default>
</video>
```

Neno `kind` ukilisahau, kivinjari huchukulia kwamba ni `subtitles`, yaani tafsiri kwa mtu anayesikia asiyeijua lugha. Ukiandika `captions` unasema kwamba ndani mna sauti na majina ya wasemaji pia. `label` ndilo jina ambalo mtazamaji ataliona kwenye orodha ya kitufe cha CC, na `default` huyawasha manukuu tangu mwanzo bila yeye kukitafuta kitufe hicho.

Faida kubwa ya njia hii iko upande wa mtazamaji. Simu na kompyuta nyingi zina mahali pa kuchagua ukubwa, rangi na mandharinyuma ya manukuu katika mipangilio ya ufikivu, na manukuu ya faili ya pembeni huweza kufuata uchaguzi huo. Mzee ambaye masikio na macho vimedhoofika pamoja anaweza kuyataka makubwa mara mbili, ya njano juu ya weusi. Yaliyochomwa hayampi nafasi hiyo.

## Kasi ya kusoma: hesabu herufi, si maneno

Miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya Kiingereza na hupima kasi kwa maneno. Mwongozo wa BBC, kwa mfano, hutaja maneno 160 hadi 180 kwa dakika. Usikihamishe kipimo hicho kwenye Kiswahili. "Hatukuwaambia" ni neno moja lenye herufi 13, na Kiingereza hulihitaji maneno matano kulisema. Ukiweka maneno 170 ya Kiswahili ndani ya dakika, mtazamaji ataona vipande vikitoweka kabla hajafika mwisho.

Pima kwa herufi kwa sekunde, ukihesabu na nafasi. Lenga 15, na usivuke 17 ila kwa kipande cha hapa na pale. Kipande cha kwanza hapo juu kina herufi 57 na kinakaa sekunde 3.8, ambayo ni 15 barabara. Mstari usizidi herufi 40 hivi, na mistari isizidi miwili. Kipande kisikae chini ya sekunde 1, kwa sababu kitaonekana kama mwale tu, wala kisizidi sekunde 7, kwa sababu mtu hudhani amekosa kingine na kukisoma upya.

Mahali pa kukata mstari pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Viunganishi kama "ya", "la", "na" na "kwa" visiachwe vikining'inia mwishoni mwa mstari. "Tundu la" juu na "vali" chini humlazimisha msomaji asimamishe maana hewani. "Tundu" juu na "la vali" chini husomeka bila kikwazo.

Msemaji akienda mbio kupita kasi hiyo, kuna chaguo mbili. La kwanza ni kukiongezea kipande muda wa kubaki baada ya maneno kuisha, kama kuna ukimya unaofuata. Mara nyingi hilo linatosha. La pili ni kupunguza maneno, na hapo tunashauri uangalifu. Asiyesikia vizuri, tofauti na aliye kiziwi kabisa, husikia nusu ya sentensi na kutazama midomo, kisha hutumia manukuu kukamilisha nusu iliyobaki. Manukuu yakisema kitu tofauti na alichokisikia, anapoteza vyote viwili. Ondoa "yaani" na "eeh" zilizorudiwa. Usibadilishe maneno yenyewe, wala usimsahihishe msemaji Kiswahili chake. Kama alichanganya lugha, andika alivyochanganya.

## Yanayoharibika kwenye faili ya pembeni

Hitilafu nyingi hapa ni za kimyakimya: hakuna onyo, manukuu hayatokei tu. Dalili ndizo zinazokuambia pa kutafuta.

Kitufe cha CC kipo lakini hakuna maneno yanayoonekana. Angalia nyakati kwanza. Programu nyingi hutoa faili ya SRT, ambayo hutenganisha sekunde na sehemu zake kwa koma: `00:00:04,200`. WebVTT inataka nukta. Mtu hubadilisha jina la faili kutoka `.srt` kuwa `.vtt`, anaongeza `WEBVTT` juu, na kusahau koma. Kila kipande kinatupwa. Geuza kwa programu ya ffmpeg badala ya kubadilisha jina kwa mkono:

```
ffmpeg -i tyubu.srt tyubu.sw.vtt
```

Kipande kinaonyesha mstari wa kwanza, wa pili haupo. Kuna mstari mtupu katikati yao. Kwenye WebVTT mstari mtupu maana yake ni mwisho wa kipande, hivyo chochote kilicho baada yake hadi muda unaofuata hakihesabiwi.

Herufi ya ajabu, mfano wa almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza, inatokea ndani ya "ng'oa" au "ng'aa". Hili huwasumbua sana wanaoandika Kiswahili. Programu ya kuandikia imeugeuza mkato wa "ng'" kuwa ule uliopinda, kisha faili ikahifadhiwa kwa mfumo wa zamani wa Windows. WebVTT husomwa kwa UTF-8 daima, na alama ile haieleweki humo. Ihifadhi faili upya ukichagua UTF-8.

Kila kitu ni sawa kwenye seva, lakini ukiufungua ukurasa kutoka kwenye folda ya kompyuta yako manukuu hayaji. Faili haina kosa. Chrome hukataa kusoma faili ya manukuu kutoka anwani inayoanza na `file://`. Endesha seva ndogo kwenye folda hiyo kwa `python3 -m http.server 8000`, kisha fungua `http://localhost:8000`.

Kinyume chake pia hutokea: kwenye kompyuta yanaonekana, kwenye tovuti hayaonekani. Mara nyingi faili ya manukuu imewekwa kwenye anwani tofauti na ya ukurasa. Kivinjari huizuia mpaka uongeze `crossorigin="anonymous"` kwenye alama ya `<video>` na seva inayotoa faili itume kichwa cha `Access-Control-Allow-Origin`. Kumbuka kwamba ukishaweka `crossorigin`, sharti hilohilo linaiangukia na video. Kama video iko kwenye seva isiyotuma kichwa hicho, utayapata manukuu na kuipoteza video. Njia ya amani ni kuiweka faili ya `.vtt` kwenye anwani ileile ya ukurasa. Ni ndogo, haitailemea seva.

La mwisho ni manukuu kutolingana na sauti. Pima mwanzoni mwa video, kisha pima karibu na mwisho. Tofauti ikiwa ileile pande zote mbili, tuseme sekunde 8, basi mtu ameongeza utangulizi wa sekunde 8 baada ya manukuu kuandikwa. Sogeza vipande vyote kwa pamoja. Tofauti ikianza kwa sifuri na kukua kidogo kidogo, tatizo ni kasi ya picha. Manukuu yaliyopangwa kwa picha 23.976 kwa sekunde yakiwekwa kwenye video iliyoharakishwa kuwa 25, hutofautiana kwa asilimia 4 na ushee, na kwenye dakika ya 6 umeshaachana kwa kama sekunde 15. Kusogeza hakuponyi hilo. Programu ya bure ya Subtitle Edit hufanya marekebisho yote mawili, ila lazima ujue ni lipi unalolihitaji.

## Kuchoma: lini, na kwa gharama gani

Video ikipakuliwa na kutumwa kwa WhatsApp, faili ya pembeni haiendi nayo. Anayeipokea anapata picha na sauti tu. Kwa video ambayo unajua itasafiri hivyo, kuchoma ni njia ya uhakika, maana maneno yako ndani ya picha na hakuna pleya inayoweza kuyapoteza.

```
ffmpeg -i tyubu.mp4 -vf "subtitles=tyubu.srt" -c:a copy tyubu-choma.mp4
```

Sauti inabaki kama ilivyo, ila picha yote inatengenezwa upya, ndiyo maana kazi huchukua muda na ubora hushuka kidogo. Kama `ffmpeg` italalamika kwamba haiujui mchujo wa `subtitles`, toleo la programu ulilonalo lilijengwa bila maktaba ya libass. Tafuta lililo nayo.

Gharama halisi huja baadaye. Ukigundua kwamba "vali" imeandikwa "vari", huna mstari wa kuhariri. Unachoma upya na kupandisha upya, na waliokwisha kuipokea ya kwanza wanabaki nayo. Video iliyobanwa sana ili iwe nyepesi huyaumiza manukuu kabla ya kuiumiza picha: kingo za herufi ndogo huvurugika, hasa zikikaa juu ya kitu kinachotembea. Zipe herufi ukubwa wa kutosha na uweke mandharinyuma meusi nyuma yake.

Ipo sababu moja zaidi ya kuchoma, nayo ni pleya. Baadhi ya pleya zilizotengenezwa kwa JavaScript hujichorea manukuu zenyewe juu ya video. Kwenye iPhone video ikijaza skrini, simu hutumia pleya yake yenyewe na michoro hiyo hutoweka. Lakini kabla ya kuchoma kwa sababu hiyo, jaribu kwanza kutumia `<track>` ya kawaida, maana pleya ya simu huisoma.

Hifadhi daima video safi isiyochomwa. Na usiiweke iliyochomwa ukurasani pamoja na `<track>`, kwa sababu mistari miwili ya maneno yaleyale italaliana.

## Jukwaa linaposhika pleya

Video iliyopachikwa kutoka YouTube au Vimeo huja ndani ya `<iframe>`, na ukurasa wako hauwezi kuingiza `<track>` humo. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: akaunti ni yako? Kama ni yako, pandisha huko faili uliyokwisha kuiandika, SRT au VTT, na kwenye anwani ya kupachika omba yawashwe tangu mwanzo:

```
https://www.youtube.com/embed/ID_YA_VIDEO?cc_load_policy=1&cc_lang_pref=sw
```

Manukuu ya kiotomatiki ya jukwaa yana udhaifu wa aina tatu ambao mashine haiwezi kukuonya kuuhusu. Hayasemi nani anasema. Sauti zisizo maneno huzitambua chache za jumla, kama muziki, makofi na kicheko. Upepo unaovuja kwenye tyubu hautaandikwa. Na lugha ya video ikiwa imewekwa vibaya kwenye mipangilio, mashine huyalazimisha maneno ya Kiswahili yawe maneno ya lugha nyingine, na anayesoma hawezi hata kubahatisha kilichosemwa. Kagua mpangilio wa lugha kabla ya kuhukumu chochote. Rasimu ikiwa nzuri kiasi, ipakue kutoka kwenye akaunti, ihariri, kisha irudishe. Ikiwa mbovu kila sentensi, kuandika upya ni haraka kuliko kusahihisha.

Video ikiwa ya mtu mwingine na haina manukuu, kilicho mikononi mwako ni nakala chini yake, pamoja na kumwandikia mwenyewe na kumtumia faili uliyoiandika. Kama kuna video nyingine inayofundisha jambo hilohilo na ina manukuu, pachika hiyo.

## Mahojiano ya sauti

Hapa kuna mtego wa kiufundi. Unaweza kuandika `<track>` ndani ya `<audio>` na ukurasa usilalamike, lakini vivinjari havionyeshi manukuu kwenye `<audio>`, kwa sababu hakuna eneo la picha la kuyaweka. Ukiyataka maneno yanayokwenda na sauti, itie sauti ndani ya `<video>` na uipe picha tuli kwa `poster` pamoja na upana na urefu, hapo yataonekana. Kwa asiyesikia vizuri anayependa kusikiliza huku akisoma, huo ni msaada wa kweli. Kwa kiziwi, nakala ni bora zaidi: hana sababu ya kusubiri dakika 20 kusoma kitu anachoweza kukisoma kwa kasi yake mwenyewe.

Nakala iwe maandishi ya ukurasa wenyewe, si PDF ambayo kwenye simu hulazimisha kukuza na kusukuma kila mstari. Iwekwe mara baada ya pleya, ili anayeihitaji asiitafute. Mazungumzo ya dakika 20 yanaweza kufika maneno 2,000 au zaidi, kwa hiyo weka vichwa vidogo kila mada inapobadilika na muda pembeni yake. Ikionekana ndefu kupita kiasi, ikunje:

```html
<details>
  <summary>Nakala ya mahojiano (dakika 20)</summary>
  <h3>Kutambua tundu (03:10)</h3>
  <p><b>Fundi:</b> Usikimbilie maji...</p>
</details>
```

Andika vicheko, vituo virefu na kejeli pale vinapobadilisha maana. Fundi akisema "kazi nzuri sana" kwa sauti ya kukejeli, maandishi matupu yatamfanya asifu kile alichokikosoa; kuandika `[kwa kejeli]` kunatosha kuzuia hilo.

## Mpangilio wa kazi

Anza na faili ya pembeni hata kama unajua utachoma au utapandisha kwenye jukwaa, kwa sababu mengine yote hutoka humo. Mtu aliyezoea hutumia saa 4 hadi 6 kuandika saa moja ya mazungumzo, kwa hiyo dakika zetu 6 zitachukua kama dakika 24 hadi 36 za kuandika, na muda mwingine wa kupanga nyakati. Faili ikikamilika, igeuze SRT kwa ajili ya jukwaa na kuchoma. Kisha ondoa nyakati, unganisha vipande kuwa aya, ongeza yanayoonekana kwenye picha, na una nakala.

Halafu zima sauti kabisa, mpe video mtu ambaye hajaiona, na umwombe aeleze mwanafunzi alijuaje tundu liko wapi. Akijibu kwamba walisikia upepo ukivuja, manukuu yamefanya kazi. Akisema walilitazama wakaliona, rudi kwenye sekunde ya 8.